Ufa wa Chumba cha Baba

Mtaani walimwita Mama Sindano, na mgeni akisikia jina hilo alidhani ni muuguzi. Kuna mama aliwahi kumgongea mlango akiwa na mtoto mwenye homa mgongoni, akamsihi amchome mwanawe sindano haraka. Akamjibu, "Dada yangu, mimi nachoma boriti na nguzo. Hebu twende zahanati, nitakusindikiza." Akaenda naye, akarudi akicheka peke yake njia nzima.

Kazi yake ilikuwa kutibu nyufa za zege. Aliianza akiwa binti, alipoajiriwa kuosha vyombo vya mafundi kwenye ujenzi wa daraja, akatazama wanavyofanya mpaka siku moja fundi aliyekuwa akichoma akaugua, naye akaambiwa ashike. Tangu hapo hakuiacha. Alijua kusafisha ufa kwa brashi na upepo wa pampu, kupanga vidomo vya plastiki, mirija midogo ya kupitishia gundi, juu yake, kuziba uso wa ufa kati ya kidomo na kidomo, kuchanganya gundi ya epoksi na kigumishi chake kwa kipimo, kisha kuisukuma taratibu, kidomo hadi kidomo, mpaka gundi ijaze ufa kwa ndani. Epoksi ikikauka, zege lililokuwa vipande viwili linarudi kuwa kitu kimoja.

Lakini alikuwa mwoga. Hilo hakulificha. Aliogopa radi, aliogopa lifti, aliogopa simu inayolia alfajiri. Waliofanya kazi naye walimtania kwamba Mama Sindano hata kivuli chake hukipisha kwanza. Mhandisi aliyekuwa akimpa kazi mara nyingi hakumcheka. Alisema anapenda fundi anayeogopa, kwa sababu hapandi jukwaa bila kulitikisa kwanza.

Aliishi na baba yake, fundi cherehani mstaafu aliyekuwa bado hajastaafu, katika jengo la ghorofa tatu, ghorofa ya kwanza upande wa nyuma. Chini yao kulikuwa na dobi mwenye mashine za kufulia, mtu mcheshi aliyeimba kwa sauti mbaya tangu asubuhi. Chumba cha baba kilikuwa cha kona. Hapo ndipo palikuwa na kitanda chake, cherehani yake karibu na dirisha, na vipande vya vitambaa ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvitupa.

Asubuhi moja mzee alitoka chumbani akipangusa masikio.

"Mwanangu, mchwa wameingia. Mto wangu umejaa unga."

"Mchwa gani, baba? Hapo juu pana zege. Zege haliliwi na mchwa."

"Basi njoo uniambie linaliwa na nini."

Aliingia, akaona unga mweupe kwenye foronya. Akainua macho. Kwenye ubavu wa boriti iliyopita juu ya kitanda, ufa ulikuwa umechora mstari. Ulianzia juu kabisa, chini ya dari, hatua ndogo kutoka kwenye nguzo ya ndani, ukashuka kwa mshazari kuielekea nguzo hiyo. Juu ulikuwa mpana kuliko chini.

Alikwishaona nyufa zaidi ya alizoweza kukumbuka, lakini hakuwahi kuona ufa ambao chini yake palikuwa na mto wa baba yake.

Alipanda juu ya meza, akabandua plasta kidogo kwa patasi, akiomba Mungu uishie hapo hapo kwenye plasta. Haukuishia. Uliingia kwenye zege. Akachukua kadi yake ya plastiki yenye mistari ya unene mbalimbali, akailinganisha. Ufa ulikuwa theluthi ya milimita, wembamba ambao mtu wa kawaida asingeupa hata salamu.

Akampigia mhandisi. Mhandisi alifika siku hiyo hiyo, mtu mrefu mwenye sauti ya pole, akautazama ufa kwa muda mrefu. Kisha akazunguka jengo zima. Kwenye ngazi alikuta nyufa nyembamba kama nywele zilizotapakaa kama ramani, akasema hizo ni za plasta iliyokauka upesi, zitapakwa rangi na habari yake itaisha. Juu ya paa alikuta ufa mrefu ulionyooka, akasema huo unafunga kwa jua na kufunguka kwa baridi, utahitaji dawa laini inayonyumbuka, epoksi haiufai kabisa. Akarudi chumbani kwa baba.

"Huu upana wake haunitishi," alisema. "Kinachonitisha ni mahali ulipo, na huo mshazari. Boriti haipasuki hapa bila sababu. Sijui sababu bado."

"Niuchome?"

"Hapana. Usiuguse. Kama bado unatembea, utaufunga hapa, utatokea pale. Epoksi yako ina nguvu kuliko zege. Haitaachia yenyewe, itapasua zege la jirani." Akaweka alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa na kuandika tarehe. Kisha akagundisha kipimo juu yake: vipande viwili vya plastiki angavu, kimoja upande huu wa ufa na kingine upande ule, kimoja kina miraba midogo na kingine kina msalaba mwekundu. Ufa ukisogea, msalaba nao ungesogea juu ya miraba. "Usome kila asubuhi, kabla jua halijapiga ukuta, ili joto lisitudanganye. Mzee ahame chumba. Na mimi nitaleta propu tuishike boriti."

Propu ni nguzo za chuma za muda, na hapo ndipo kazi ilipokwama. Haziwezi kusimama juu ya sakafu ya ghorofa tu. Lazima ziendelee hadi chini, mpaka kwenye ardhi. Na chini palikuwa na mashine za dobi. Dobi hakukataa. Aliomba tu muda apate mahali pa kuzisogeza, maana moja ilikuwa nzito kama tembo na nyingine ilikuwa imejaa mashuka ya hoteli. Mhandisi alipita kule chini pia, akatazama sakafu iliyolowa maji. Lakini kwa dobi, sakafu isiyolowa ndiyo ingeshangaza.

Mzee naye hakuhama. "Mwanga wa kushonea uko kwenye dirisha hili," alisema. "Mkinihamisha, mtanihamishia na jua?"

Wakakubaliana ashone mle mchana na alale sebuleni usiku. Alilala sebuleni mara moja, akalalamika mgongo, akarudi kwenye kitanda chake.

Hapo ndipo woga ulipomshika Mama Sindano kweli. Kila asubuhi alipanda mezani, akasogeza jicho kwenye kipimo. Msalaba ulikuwa pale pale. Siku iliyofuata, pale pale. Alipaswa kufurahi, lakini mchana kutwa alisikia unga ukidondoka hata akiwa sokoni. Akiwa kazini kwa watu, akisukuma epoksi kwenye boriti za wengine, mikono ilikumbuka ile isiyoguswa. Alipomtazama baba akishona, macho yalipanda yenyewe juu.

Na majirani hawakumsaidia. Mwenyekiti wa wapangaji, mama mwenye sauti ya kengele, alimsimamisha kwenye ngazi.

"Una dawa ndani, halafu unatuachia ugonjwa? Tungesema hatuna fundi, sawa. Fundi analala humo humo!"

"Tunautazama kwanza, mama."

"Ufa unatazamwa? Ni sinema?"

Jioni baba mwenyewe akamwambia, bila kuacha kushona, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sikuitunga mimi hiyo."

Alimpigia mhandisi, akamwambia msalaba haujasogea tangu siku ya kwanza, ufa umekufa, auchome tu watu wapumue. Mhandisi akamwambia siku chache si kitu. Ufa unaweza kulala, ukaamka mvua ikinyesha. "Methali inasema uzibe," alisema, "haikusema uzibe kabla hujajua. Vumilia. Wiki ijayo dobi anasogeza mashine."

Hakuvumilia. Mchana wa siku iliyofuata, baba alipokwenda kwa kinyozi, alijifungia chumbani. Akabandua kipimo. Akasafisha ufa, akapanga vidomo, akaziba uso, akasubiri ugande. Alichanganya epoksi kwenye kopo, akaanza na kidomo cha chini kabisa. Alisukuma polepole mpaka gundi ikachungulia kwenye kidomo cha juu yake, akaziba cha chini, akahamia cha juu. Mikono yake ilitulia. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Kidomo cha mwisho kilipotoa tone, alikaa kwenye kitanda cha baba akalia.

Mzee aliporudi alinusa. "Kunanuka dawa."

"Nimeuziba, baba."

"Alhamdulillah, si ndiyo nilisema?" Siku hiyo alilala akikoroma kama injini, na binti yake akalala kwa mara ya kwanza tangu ule unga wa kwanza. Yeye hakumwambia mhandisi. Alipanga kumwambia, akaahirisha, kisha akaahirisha tena.

Mvua zikaanza. Wiki ikapita, mashine za dobi hazikusogea, na Mama Sindano hakumkumbusha. Aliona hakuna haraka tena.

Alikuwa sebuleni akipiga pasi, baba chumbani akishona, alipousikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa *tak*, kama mtu aliyevunja kijiti kikavu kwa goti. Cherehani ikanyamaza.

"Mwanangu?"

"Baba, toka! Toka hapo!"

Alisikia miguu ya mzee, kisha kitasa kikizungushwa, kikizungushwa tena.

"Mlango haufunguki."

"Vuta!"

"Navuta. Umekaza."

Alishika kitasa upande wake akasukuma. Mlango haukucheza hata kidogo. Fremu ilikuwa imekwenda upande, ukingo wa juu umeuma ubao kama meno. Kupitia mwanya uliofunguka kwenye kona, ambao jana haukuwepo, aliona boriti. Mstari wake wa epoksi ulikuwa mzima, mzuri, haukuachia popote. Kando yake, upana wa vidole viwili, zege lilikuwa limepasuka upya kutoka juu hadi karibu na nguzo, na ufa huo mpya ulikuwa unameza ukingo wa sarafu.

Kitu kimoja tu kilimjia kichwani: usiupige mlango, usitikise chochote.

"Baba," alisema, kwa sauti ambayo hakuijua ni ya nani, "kaa kwenye kona ya dirisha. Usisimame chini ya boriti. Usiguse kitanda."

"Kwani linaanguka?"

"Kaa tu dirishani, baba."

Alishuka ngazi mbili mbili, akamkuta dobi akiimba. Dobi alimwona uso, akanyamaza, akachukua mtaimbo bila kuuliza. Walipanda pamoja. Dobi aliuingiza mtaimbo upande wa bawaba, chini, wakauegemea wote wawili bila kugonga, polepole, kama watu wanaomtoa mtoto usingizini. Skrubu ziling'oka moja moja, na kila ilipolia walisimama wakisikiliza. Bawaba ya chini iliachia, kisha ya juu. Ubao ulilala upande. Mzee akachungulia.

"Cherehani," alisema.

"Baba!"

"Ina uzi ndani."

Dobi alimvuta mkono, akamtoa kama mzigo wa nguo, wakashuka. Mama Sindano alipita mlango kwa mlango akiwatoa watu. Mwenyekiti alitoka na sufuria mkononi, akitaka kujua nani amesema, na alipouona uso wake hakuuliza tena. Mpaka wa mwisho aliposhuka, walisimama ng'ambo ya barabara kwenye mvua, wakilitazama jengo lililosimama vile vile kama jana, wala halikuonekana kama lina kosa.

Akapiga simu. Mhandisi alisikiliza.

"Na kipimo kinasema nini?"

"Hakuna kipimo. Nilikibandua. Nimeuchoma ufa."

Alisikia funguo za gari zikilia upande wa mhandisi.

"Watu wametoka?"

"Wote."

"Asirudi mtu. Hata kufuata viatu. Nakuja."

Alikuja na mafundi, lori na propu. Hakumgombeza. Alimwambia mara moja tu, wakati wakiwa peke yao chini ya mwavuli, "Ulimfunga shahidi mdomo. Angetuambia mapema kidogo." Mama Sindano alitazama maji yakipita kando ya viatu vyake. Lile neno lilimkaa mwilini kwa muda mrefu kuliko baridi ya siku ile.

Mafundi waliingia kwa chini kwanza, wakazisogeza zile mashine wenyewe, wakasimamisha propu kutoka kwenye ardhi hadi dari, kisha ghorofa ya kwanza juu ya zile zile, wakizikaza mpaka boriti ikakaa juu ya chuma. Baada ya hapo ndipo mhandisi alipopumua. Sasa alikuwa na muda wa kutafuta sababu, na ufa mpya ulikuwa umemwonyesha pa kuangalia. Boriti ilikuwa inainama kuelekea kona. Maana yake nguzo ya kona ilikuwa inashuka.

Walichimba pembeni ya nguzo hiyo. Udongo ulitoka mlaini kama uji, ukinuka sabuni. Bomba la maji machafu la dobi lilikuwa limepasuka chini ya sakafu, na kila ndoo ya maji ya mashuka ya hoteli ilikuwa ikienda kuulainisha udongo ulioshika msingi. Mvua ilimalizia kazi tu.

Dobi aliketi kwenye ngazi, kichwa mikononi. "Mimi ndiye niliyeliangusha?"

"Halijaanguka," alisema Mama Sindano, akaketi karibu naye. "Na mimi nililifunika macho. Tusigombanie."

Bomba lilibadilishwa. Msingi wa kona uliongezwa kina kwa zege, kwa kuchimba vipande vidogo vidogo, kimoja kikikauka ndipo kinachofuata kinachimbwa, ili nguzo isibaki hewani. Mhandisi alibandika vipimo vipya, kimoja juu ya ufa wa boriti na vingine chini kwenye kuta, akasema sasa tunasubiri, na safari hii tunasubiri kweli.

Wapangaji walitawanyika kwa ndugu. Mama Sindano na baba walihamia kwa dada mkubwa wa mzee, nyumba ya chini isiyo na ghorofa, na mzee akapewa dirisha. Kila asubuhi binti alipanda ngazi za jengo tupu kusoma vipimo. Huo ndio woga mkubwa kuliko wote, alikuja kusema: kuingia peke yake mle ndani, propu zimesimama kama msitu, kila kitu kikiwa kimya, na kusogeza jicho kwenye msalaba. Mwanzoni ulisogea kidogo, unene wa unywele. Alishuka, akaripoti. Ukasogea tena kidogo. Kisha ukasimama. Mvua nyingine ikanyesha usiku kucha, akapanda asubuhi akiwa amejiandaa kwa lolote, na msalaba ulikuwa pale pale. Mwenyekiti alimpigia kuuliza lini watarudi. "Msalaba ukikubali, mama," alimjibu, na safari hii hakuna aliyeleta habari ya sinema.

Msimu wote wa mvua ulipita, na sehemu ya kiangazi, msalaba haujasogea tena.

Ndipo mhandisi akamwita. "Umesimama. Sababu imeondoka. Sasa uchome."

"Mimi?"

"Unataka nimwite nani?"

Alisimama chini ya boriti ile akiwa na kopo mkononi. Mara ya kwanza alikuwa amekimbia woga; sasa ulisimama naye pale pale. Aliusafisha ufa mpaka vumbi likaisha, akahakikisha ni mkavu, akaziba uso, akasubiri ugande. Alipima epoksi na kigumishi, akachanganya, akaanza chini. Mhandisi alishika tochi. Kidomo cha pili kilitoa tone. Cha tatu kilichelewa, akasimamisha pampu, akangoja, asiongeze nguvu ya kulazimisha. Kisha tone likatokea, la njano kama asali. Akaendelea hivyo mpaka cha mwisho. Siku iliyofuata alikata vidomo, akasaga uso kwa grainda, na mhandisi akatoboa sampuli nyembamba ya zege kutoka humo, wakaitazama mwangani: gundi ilikuwa imejaa kutoka upande hadi upande. Propu zilitolewa kidogo kidogo, vipimo vikisomwa kila hatua.

Wengi walirudi. Familia moja ya ghorofa ya juu haikurudi, na hakuna aliyeilaumu. Dobi alihamia mahali pengine, kwenye sakafu ambayo mhandisi aliikagua yeye mwenyewe.

Mzee alipokuja kuchukua vitu vyake vilivyobaki alisimama mlangoni, akautazama mstari wa kijivu juu ya boriti.

"Sasa hauwezi kupasuka tena?"

"Hapo hapo hauwezi, baba. Kwingine sijui. Tutakuwa tunaangalia."

"Ungeniambia hauwezi kabisa, ningerudi."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sijakuambia."

Mzee akafikiri, akaubeba mfuko wa vitambaa begani, akasema kule kwa dada yake dirisha linapata jua la jioni pia, na akatangulia kushuka ngazi, mkono mmoja ukutani.